Tiki ya kijani, ripoti ya juzi: uzoefu wangu wa kuhuisha data za Dodoma, Kigali na Hamburg

Nimetumia huduma hii ya dashibodi ya wingu kwa mwaka mmoja sasa, tangu Juni 2024. Sitaitaja jina, maana nilichokutana nacho humo utakikuta kwenye nyingi za aina yake, na sehemu ya lawama ni yangu mwenyewe. Naipa nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama isingenipongeza kila asubuhi kwa kazi iliyoharibika.

Kampuni yetu inanunua asali na nta huku Singida na Manyoni. Ofisi ya takwimu iko Dodoma, chumba kimoja Makole. Kigali tuna watu wa rejareja, na Hamburg kuna mshirika mwenye ghala anayewauzia wafungashaji. Kila asubuhi bosi anataka kuona mauzo ya siku iliyofungwa, ofisi zote tatu kwenye ukurasa mmoja. Hamburg wanatuma faili lao saa 00:30 usiku kwa saa yao, likiwa na kila kitu hadi mwisho wa siku iliyopita. Huduma inalisoma faili hilo pamoja na hifadhidata yetu, kisha inahuisha dashibodi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua saa ya kuhuisha tu. Rahisi, nikadhani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha kwetu wenyewe. Nilimwandikia kijana wa mitambo kwenye karatasi: "saa 8:15 usiku". Mimi nilimaanisha saa nane na robo, yaani 02:15. Yeye alikuta fomu inauliza `AM` au `PM`, akaona neno usiku, akaweka `8:15 PM`, ambayo ni saa mbili na robo usiku. Tulicheka, tukakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo saa za mitambo zinaandikwa kwa mfumo wa saa 24 peke yake, na nitafanya hivyo hivyo hapa.

Kwenye orodha ya kanda za saa hakuna Dodoma wala Dar es Salaam. Unachagua `(UTC+03:00) Nairobi`, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya kipimo ya dunia isiyogeuzwa, na hakuna tatizo, kwa kuwa saa yetu na ya Nairobi ni ile ile na haibadiliki mwaka mzima. Nilipiga hesabu hivi: Kigali wako saa moja nyuma yetu, Hamburg nao wako saa moja nyuma. Niliandika hivyo daftarini, "Kigali na Hamburg: −1", mstari mmoja kwa zote mbili. Faili la Hamburg la 00:30 linafika kwetu 01:30. Nikaweka kuhuisha 02:15, dakika 45 za akiba. Miezi minne ilikwenda safi.

Mstari ule wa daftari ulikuwa kweli kwa sababu tu ilikuwa Juni. Kigali wanabaki UTC+2 daima. Ujerumani wanakuwa UTC+2 kipindi cha kiangazi peke yake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma na kuwa UTC+1, na Jumapili ya mwisho ya Machi wanaisogeza mbele tena. Sisi tuliokulia kwenye saa isiyogeuzwa tunalijua hilo kama habari ya redioni, hatulibebi kichwani tunapopanga kazi.

Saa zilirudishwa nyuma Jumapili, 27 Oktoba 2024. Usiku wa kuamkia Jumatatu, 00:30 ya Hamburg haikuwa tena 01:30 ya Dodoma, ilikuwa 02:30. Huduma yetu ilianza 02:15, ikakuta faili la jana yake, ikalisoma, ikamaliza, ikaweka tiki ya kijani. Jumatatu hakuna aliyestuka, kwa kuwa ripoti ilikuwa ya Jumapili na ghala la Hamburg halifanyi kazi Jumapili. Sifuri ilikuwa mahali pake. Jumanne ndipo bosi alipopiga simu.

"Kijana, Hamburg wameacha kuuza asali?"

Nilifungua historia ya uhuishaji. Kijani, kijani, kijani. Hiyo ndiyo nyota ya kwanza niliyowanyima. Huduma inakutumia barua pepe ikishindwa kusoma chanzo, lakini kusoma faili la zamani kwake si kushindwa. Faili lipo, linafunguka, safu zote zipo. Ilinichukua karibu saa mbili kuangalia muda ambao faili lenyewe liliandikwa na kuona kwamba tumelitangulia kwa dakika kumi na tano.

Nikaona dawa ni kuifanya ratiba ifuate saa ya Hamburg. Hapa orodha ile ina mitego yake. Ukanda wa Ujerumani umeandikwa `(UTC+01:00) Amsterdam, Berlin, Bern, Rome, Stockholm, Vienna`, na maandishi hayo yanabaki `+01:00` hata katikati ya Julai wakati Berlin iko +2. Ni jina tu. Kanuni ya kugeuza saa imefichwa ndani yake. Chini kidogo kuna `(UTC+01:00) West Central Africa`, tarakimu zile zile, ila ile haigeuki kamwe. Ukichagua kwa kuangalia tarakimu, una nafasi nzuri ya kukosea. Nilichagua ya Berlin, nikaweka 01:15. Kwa hiyo faili 00:30, kuhuisha 01:15, zote kwa saa moja ya ukutani, zitageuka pamoja. Nilijisifu.

Asubuhi iliyofuata dashibodi ilikuwa tupu. Si Hamburg tu, zote tatu.

Sababu ilikuwa imelala humo tangu Juni. Kwenye seva za huduma hii, kitendakazi cha `TODAY()` hakijui Dodoma. Kinahesabu tarehe kwa UTC. Kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kwetu, UTC bado wako jana. Tulipojenga ripoti, kanuni ilikuwa "leo kutoa moja", na ikatoa mauzo ya juzi. Mwenzangu akaifuta ile "kutoa moja", namba zikakaa sawa, tukaendelea na maisha. Hatukujiuliza kwa nini. Kumbe 02:15 ya Dodoma ni 23:15 UTC ya siku iliyotangulia, kwa hiyo "leo" ya seva ilikuwa ndiyo jana yetu. Nilipohamia 01:15 ya Berlin wakati wa baridi, uhuishaji ukaangukia 00:15 UTC. Tarehe ya seva ikaruka siku moja mbele, na ripoti ikatafuta mauzo ya siku ambayo haijapambazuka.

Tukarudisha "kutoa moja". Novemba hadi Machi hatukuguswa na lolote.

Nadhani msomaji ameshaona kinachokuja, mimi sikukiona. Jumapili, 30 Machi 2025, Wajerumani walisogeza saa mbele. Kuanzia usiku uliofuata, 01:15 ya Berlin ikarudi kuwa 23:15 UTC ya siku iliyotangulia. Jumatatu bosi alisoma mauzo ya Jumamosi yakiwa yameandikwa kichwa cha "jana", akayaamini. Jumanne ripoti ikaonyesha Jumapili: Hamburg sifuri, Dodoma sifuri, Kigali kidogo. Ilikuwa 1 Aprili, na kwa dakika chache ofisini walidhani nawafanyia utani wa siku ya wajinga.

Yaani ratiba iliyofuata Dodoma iliharibika Oktoba, na ratiba iliyofuata Berlin ikaharibika Machi. Nilikuwa nashughulika na saa ya kuanza wakati hitilafu ya pili ilikuwa kwenye tarehe. Nilikaa na karatasi, nikaandika kila kitu kwa UTC. Faili la Hamburg linaandikwa 22:30 UTC kiangazi, 23:30 UTC baridi. Nikichukua ile iliyochelewa zaidi na kuongeza dakika 45 napata 00:15 UTC. Hiyo ni 03:15 ya Dodoma, saa tisa na robo usiku, kila siku ya mwaka. Iko baada ya faili katika majira yote mawili, na iko baada ya UTC kuingia siku mpya. Kiangazi faili linasubiri bure kwa saa moja na dakika 45, lakini nani anasoma ripoti saa tisa usiku?

Ukiamua kufanya hivi, chagua `(UTC) Coordinated Universal Time`. Jirani yake kuna `(UTC+00:00) Dublin, Edinburgh, Lisbon, London`, na wengi tumefundishwa kwamba saa ya London ndiyo kipimo. London nao wanageuza saa. Kiangazi uhuishaji wako ungeanza saa nzima mapema.

Tarehe nayo niliiondoa mikononi mwa huduma. Sasa hifadhidata yetu, ambayo ni PostgreSQL, ndiyo inayosema siku iliyofungwa ni ipi:

```
SELECT (now() AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date - 1;
```

Nikiiendesha mchana, usiku wa manane au alfajiri, inajibu kwa kalenda ya Dodoma.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni kisanduku kidogo juu ya dashibodi, chenye muda ambao faili la kila ofisi liliandikwa. Mwanzoni nilitumia muda wa mauzo ya mwisho, ikawa kila Jumatatu Hamburg inawaka nyekundu bila kosa. Muda wa faili ndio unaofaa, na niliwaomba Hamburg wauandike pamoja na tofauti yake na UTC, mfano `2025-04-02T00:30:00+02:00`. Faili likizidi saa 25 tangu liandikwe, kisanduku kinakuwa chekundu. Zile asubuhi za Oktoba kingewaka mapema kuliko simu ya bosi.

Mpangilio huu una mpaka wake. Ungetushinda tukipata mteja New York, kwa kuwa siku yao inafungwa wakati sisi tuko kazini, saa 07:00 au 08:00 kwetu kutegemea majira, na wao huanza saa za kiangazi Jumapili ya pili ya Machi, wiki kadhaa kabla ya Ulaya. Hapo ingehitajika ratiba ya pili. Hata Cairo, ambao wamerudisha saa za kiangazi tangu 2023, wana tarehe zao.

Wiki iliyopita mtu wa Hamburg aliniandikia kwamba wanataka kusogeza faili hadi 01:00, akaongeza kwamba amejaribu na ripoti ilitoka vizuri. Ni kweli, amejaribu mwezi wa Juni. Mwishoni mwa Oktoba 01:00 yake itakuwa 00:00 UTC, zitabaki dakika 15, na faili lenyewe huchukua kama dakika kumi kukamilika. Nimemjibu kwamba asogeze, ila anipe kwanza siku moja nibadilishe 00:15 kuwa 00:45.