Tikiti ya Dortmund, hesabu ya kinga, na kitufe cha keshauti kilichonitia hasira

Kabla ya hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya msimu wa 2023/24 niliiwekea Borussia Dortmund dau la shilingi 1,000 kwamba itatwaa kombe, kwa odi ya 41, yaani ikishinda tikiti inalipa dau mara 41. Nililipa 1,125, kwa sababu hapa Kenya wakati huo ushuru wa dau ulikuwa asilimia 12.5. Walipoitoa PSG kwenye nusu fainali, 1-0 nyumbani na 1-0 Paris, na Real Madrid wakawatoa Bayern, tikiti ile ilianza kuonekana kama pesa taslimu, na ndipo niliposhughulika kwa dhati na huduma ya kampuni hii ya kubeti ambayo sitaitaja.

Kanuni ya kinga, yaani kumwekea dau mpinzani pia ili ubaki na faida atwae yeyote, ambayo kila mcheza kamari huisikia, ni kugawanya malipo ya tikiti kwa odi ya mpinzani. Real walikuwa wamewekewa 1.30 kutwaa kombe, kwa hiyo 41,000 ukigawa kwa 1.30 unapata 31,538. Ukiiwekea Real kiasi hicho, atwae yeyote, unabaki na faida ya 8,462. Soko lenyewe lazima liwe la kutwaa kombe, wala si la matokeo ya dakika 90, kwa kuwa mechi ikienda sare na Real wakashinda kwa penalti, tikiti zote mbili zinakufa usiku mmoja.

Kanuni hiyo ni nzuri mahali pasipo na kodi. Kwetu ushindi ulikatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, na kila tikiti ilihesabiwa peke yake, bila kujali kwamba ile nyingine imekula hasara. Hivyo Dortmund wakishinda, 40,000 za ushindi zinakatwa 8,000 na mkononi zinabaki 33,000. Kwa upande wa Real, kila shilingi ya dau inarudi kama 1.24 badala ya 1.30. Ukigawa 33,000 kwa 1.24, dau la kinga ni 26,613, nalo kwa ushuru wake linagharimu 29,940. Jumlisha 1,125 za tikiti ya kwanza, gharama yote ni 31,065, na faida ya uhakika ni 1,935 tu. Odi ya Real ingeshuka chini ya 1.16 hivi, kinga isingerudisha hata gharama yake yenyewe.

Keshauti, yaani ofa ya kampuni kuinunua tikiti yako kabla matokeo hayajajulikana, ambayo wajuzi wengi huidharau kwamba hunyonya mteja, ilikuwa ikionyesha 6,200. Baada ya kodi kwenye ziada ya 5,200 ningepokea 5,160, yaani faida ya 4,035, bila kutafuta karibu 30,000 za kuwekea kinga. Bila kodi, kinga ingeishinda ofa hiyo kwa mbali; kwa kodi hizi mbili, keshauti ilikuwa zaidi ya maradufu ya kinga. Hadi hapo ningewapa kampuni sifa bila kusita.

Nilipobonyeza kitufe, duara likazunguka, kisha yakatokea maandishi kwamba ofa imebadilika. Nikabonyeza tena, kitufe kikawa cha kijivu. Hakukuwa na mechi yoyote iliyokuwa ikichezwa, hakuna majeruhi mpya aliyetangazwa, na odi ya Real kwenye ukurasa wao wenyewe ilikuwa palepale, 1.30. Kitufe kiliporudi kilisoma 5,700. Nikawaandikia huduma kwa wateja nikiuliza jambo moja tu: ikiwa odi haijasogea, ni nini kilichopunguza thamani ya tikiti yangu? Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: “Ofa hutegemea soko. Ulibeti kwa hiari yako, boss.” Nikatuma picha ya odi. Mazungumzo yakafungwa.

Siwezi kueleza vizuri jinsi jibu hilo lilivyoniudhi. Mtu anayeuliza hesabu hujibiwa kwa hesabu, hafukuzwi kama mlevi mlangoni. Kwa siku kadhaa niliazimia kukataa ofa yao na kuweka kinga kwa kampuni nyingine, hata kwa faida ndogo, ili tu wasinunue tikiti yangu kwa bei waliyoipanga gizani. Kila nilipopiga hesabu, hata hivyo, 5,700 ilikuwa inaniachia 3,635 na kinga 1,935, na sikuona sababu ya kulipia hasira yangu shilingi 1,700.

Nilichukua keshauti. Carvajal alifunga dakika ya 74 pale Wembley, Vinícius akaongeza, na tikiti ingekuwa karatasi. Kwa hiyo huduma ilinifaa, nami nakiri hivyo kwa shingo upande. Mwenye tikiti kama yangu asidharau keshauti kabla hajaweka ushuru na kodi ya zuio ndani ya hesabu, na apige picha ya ofa na odi kwa pamoja kabla ya kugusa kitufe. Mimi zile 500 zilizopungua bado nazidai maelezo, na hadi yatakapokuja sitaweka dau lingine kwao.