Kuruka mara moja au kusogea kidogo kidogo?

Kamera iliyo mezani kwangu, Birere hapa Goma, inafuata uso wa mtu kwa servo mbili, mota ndogo zinazogeuka kwa pembe unayoamuru: ya chini huigeuza kulia na kushoto, ya juu huiinua na kuishusha. Inaona takriban nyuzi 60 kwa upana wa pikseli 320. Uso ukiwa pikseli 80 kulia kwa katikati, kosa, yaani pembe ya uso kutoka katikati, ni kama nyuzi 15.

Ukiamuru servo ya chini izunguke zote 15 mara moja, picha inayofuata hupigwa mota ikiwa bado njiani. Programu ya kutambua uso inaona bado uko pembeni, inaongeza amri. Kamera inaupita uso, inarudi, inaupita tena.

Mimi nazidisha kosa kwa 0.3: nyuzi 4.5 kwanza, kisha 3.15 kati ya 10.5 zilizobaki. Mtu akikimbia inachelewa, lakini inatulia. Servo ya juu ni vilevile. Kosa likishuka chini ya pikseli 12, usitume amri, maana servo itanguruma na kutetemeka bure.