"Haya" Moja, Nyuso Tatu: Naichambua Sehemu ya GIF Kwenye WhatsApp

Karibuni tena jamani. Leo nimewawekea kamera barazani kwa dada yangu, huku Ipagala, Dodoma, na upepo umeamka, kwa hiyo mkisikia mabati yanagonga mtuvumilie.

Bidhaa ya leo mnayo tayari kwenye simu zenu. Fungua chati yoyote ya WhatsApp, gusa kile kisura cha emoji pembeni ya sehemu ya kuandikia, halafu gusa palipoandikwa GIF. Zile video fupi za nyuso zinazojirudia bila sauti, ndizo ninazozichambua. Na sitazipitia zote. Nataka tukae na neno moja tu, kwa sababu neno hilo lilinigombanisha na dada yangu kwa usiku mzima.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili zilizopita, saa tatu na nusu usiku, kwenye grupu la harusi ya mtoto wa shangazi, mweka hazina akaandika: "Ndugu zangu, ukumbi umepanda bei. Mchango sasa ni 150,000 kila mmoja badala ya 100,000." Dada akaniandikia pembeni, "Umeona?" Nami nikajibu: "Haya." Neno moja na nukta. Simu ikaita hapo hapo. "Umekasirika nini? Kama hutaki kutoa si useme?"

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimechoka, na nilishaamua kutoa. Ningekuwa nimekaa naye hapa barazani angeelewa bila kuuliza, kwa sababu "haya" yangu ingekuwa ndefu, "haaaya," na pumzi ingetoka nayo. "Haya" ya kukubali ni fupi, inakatika. "Haya" ya kumshuku mtu inapandishwa mwishoni, na jicho linakwenda pembeni. Na kuna ile ya mama anayekwambia haya, endelea, utaniona. Vivyo hivyo kwa "mh". Mguno hauna maana mpaka uusikie, na uone nyusi za aliyeguna. Sisi tumeweka mzigo mkubwa wa maana kwenye sauti na uso, halafu tunapoandika vyote viwili vinabaki nje. Zinabaki herufi nne, na msomaji anazijazia sauti anayoihofia.

Mtaniambia emoji zipo. Nilijaribu. Kwanza, emoji haisafiri kama ilivyo: kinachotumwa ni namba ya alama, na kila kampuni huchora sura yake, kwa hiyo uso niliouona kwangu unaweza kuwa tofauti kwenye simu ya mwingine. GIF inafika vilevile ilivyoondoka. Lakini hilo kwangu ni dogo. Kubwa ni kwamba emoji imesimama. Inakuonyesha mtu akiwa amechoka, haikuonyeshi akichoka. Na kwenye "haaaya" hisia yote ipo kwenye ule mwendo, uso kutoka hali moja kwenda nyingine.

Sasa njooni kwenye jaribio, na dada yupo hapa, ndiye niliyemfanyia. Jioni ya pili tulikaa kwenye mkeka, simu mbili, nikamtumia GIF tatu moja baada ya nyingine kama jibu la ule ujumbe wa mchango, bila neno lolote, naye anaandika kwenye karatasi anachokisoma.

Ya kwanza ni ile maarufu ya jamaa mweupe anayepepesa macho. Uso umetulia, macho yanafumba, yanafumbuka na nyusi zinapanda, basi. Dada akaandika: "Umeshtuka. Bado hujaamua." Ya pili, mwanamke ameangalia mbele, halafu macho yanahama taratibu kwenda upande mmoja huku kichwa hakijatikisika. Akaandika: "Unamshuku mweka hazina." Ya tatu, mwanamume anajaza hewa mashavuni, anaiachia polepole, mabega yanashuka. Akaandika: "Imekuuma lakini utatoa."

Hiyo ya tatu ndiyo niliyoitaka siku ile. Kusema hivyo kwa maneno ningehitaji sentensi tatu, na kwenye sentensi tatu ningeonekana nalalamika.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda hii kazi, maana nilitaka kujua usahihi ule unakaa wapi. Nikaitazama ile ya tatu kipande kwa kipande. Ina kama sekunde tatu. Mwanzoni uso umenyooka, kitambo kidogo tu. Kisha mashavu yanajaa. Kisha hewa inatoka, macho yanashuka, na mabega mwisho kabisa. Nikatengeneza nakala niliyoikata kabla hewa haijatoka, nikamtumia dada. Akaitazama mara mbili, akasema, "Huyu amevimba."

Mmeona? Uso ni uleule, mtu yuleyule, nimeondoa kama sekunde moja ya mwisho, na kuchoka kumegeuka kununa. Na kwa Kiswahili ni wazi kuliko kwingine, kwa sababu aliyekasirika kimyakimya sisi tunasema amevimba. Mashavu yaliyojaa yakikosa kupumua, hiyo ndiyo habari msomaji anayoipata. Kwa hiyo kabla hujatuma, usiangalie mwanzo wa GIF, angalia inapokatikia. Iache ijirudie mara tatu ndipo uamue.

Kujirudia nako kuna mtego wake. Muundo wa GIF wenyewe ulitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na huko kwenye miaka ya 1990 kisakuzi cha Netscape kikazifanya zijirudie bila kukoma. Ikifika mwisho inaruka moja kwa moja hadi mwanzo. Kama mabega yameshuka tu na papo hapo mashavu yamejaa tena, mtu huyo hapumziki, anaonekana kama anachemka upya kila sekunde tatu. Dawa ni kuacha utulivu mwishoni. Kwenye faili halisi la GIF kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana, ina muda wake wa kukaa, unaohesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ukiipa fremu ya mwisho 50, inatulia nusu sekunde. Kwenye simu huna haja ya hesabu hiyo. Mwambie unayemrekodi akae kimya kidogo akishamaliza.

Maana kweli, nawashauri mrekodi zenu. Zile za kutafuta zina kasoro kwetu. Nikiandika neno la Kiswahili kwenye kisanduku cha kutafutia, kama `mguno`, sipati ninachokitaka. Nikiandika `sigh` zinamwagika, na nyingi ni nyuso za watu nisiowajua wakiguna kigeni. Isipokuwa wale waigizaji wa Nigeria, Osita Iheme na Chinedu Ikedieze, ambao huku tunawaita Aki na Ukwa. Nyuso zao tumekua nazo. Ukituma uso wa Osita akitafakari, hutumi uso peke yake, unatuma na utukutu wote tunaoukumbuka. Kwa aliyewatazama hiyo ni nyongeza tamu. Kwa asiyewajua, ni mtu mdogo anayetazama mbali.

Kutengeneza yako ni hivi. Rekodi video fupi. Kwenye chati ichague kama unataka kuituma, na kabla ya kutuma buruta zile ncha za juu mpaka ibaki sekunde 6 au pungufu. Hapo patatokea kitufe cha kuchagua kati ya video na GIF. Gusa GIF; sauti inaondoka na inakuwa ya kujirudia. Ndani kwa ndani WhatsApp inaituma kama video isiyo na sauti, na hilo ni jema, kwa sababu faili halisi la GIF haliwezi kuzidi rangi 256 kwenye fremu moja. Uso wetu mweusi, tena kwenye chumba chenye taa hafifu, unahitaji vivuli vingi vinavyopishana kidogo kidogo. Rangi zikiwa chache, shavu linakuwa madoa madoa, na ule msuli mdogo chini ya jicho, ambao ndio unaosema umechoka, unapotea.

Tazameni hizi mbili, zote ni dada. Hii tumeirekodi ndani saa moja usiku: mnaona mdomo tu. Hii ni hapa barazani saa kumi, amekaa kivulini, ameelekea uwanjani kunakotoka mwanga. Kila kitu kinaonekana, hadi pua ikitanuka. Jua la Dodoma likimpiga usoni atakunja macho, na macho yaliyokunjwa yatasomwa kama hasira. Kivuli, uso uelekee kwenye mwanga.

Sasa inakoshindwa. Baba yetu amepita miaka 70. Nilimtumia ile ya mwanamume wa mashavu, akauliza, "Huyu ni nani, na amefanya nini?" Yeye aliona mtu, hakuona hisia. Nikasema basi nimtumie ya dada. Akapiga simu: "Mbona mwanangu anahema, anaumwa?" Uso wa mtoto wake kwake ni taarifa. Tangu hapo baba namwandikia au nampigia. Na kwenye grupu la msiba usijaribu kabisa, hata ile ya kulia. Machozi yanayojirudia kila sekunde tatu yanaumiza wafiwa. Andika pole yako.

Jingine, kama simu ya mwenzako haijaipakua, au bando limekata, ataona picha yenye ukungu na kiduara cha GIF. Hapo umemtumia ukungu. Kwa hiyo jambo lenye namba au tarehe lisibebwe na GIF, kwa kuwa uso hauwezi kusema shilingi ngapi wala lini.

Ndivyo tulivyofanya kwenye ule mchango. Dada alinikatalia nisitume uso peke yake kwa kaka yetu mweka hazina, na alikuwa sahihi. Nikaandika: "Shikamoo kaka. Nitatoa 150,000. 80,000 Ijumaa hii, zilizobaki mwisho wa mwezi." Chini yake nikaweka GIF ya dada, ile ya kivulini, mashavu yanajaa, hewa inatoka, mabega yanashuka, na kile kitambo cha utulivu.

Baada ya dakika mbili akajibu: "Marahaba mdogo wangu. Pumueni taratibu, najua ni nyingi."