Templeti ya "kila mwaka" iliyong'ang'ania 2024

Tangazo la templeti hii ya mabango ya shughuli lilisema kila kitu kinabadilishika: andika jina la shughuli, andika mwaka, pakia. Nikainunua. Muundo ni mzuri, sikatai, na rangi zake zimetulia. Lakini kazi moja niliyoinunulia imenishinda, na bado nina hasira.

Jina lilikubali kuhaririwa. Mwaka haukukubali. Ukibofya 2024 kishale cha kuandikia hakitokei, zinatokea nukta ndogo kwenye kingo za kila tarakimu. Maana yake maandishi yaligeuzwa kuwa umbo, na umbo halijui kuwa ni namba, ni mistari tu. Nikafungua faili la SVG kwa kihariri cha kawaida cha maandishi nijiridhishe. Nilitarajia kuona hivi:

```
<text x="90" y="400">2024</text>
```

Nikakuta hivi:

```
<path d="M90 400 L112 352 ..."/>
```

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu lake: "Wateja wengine hawalalamiki. Funika na uandike juu." Funika na nini? Mandharinyuma yanafifia kutoka bluu kwenda zambarau, kwa hiyo kiraka cha rangi moja kinaonekana kama kiraka. Nikafuta umbo lenyewe, nikaandika 2025, na hapo ndipo nikagundua kivuli cha mwaka ni picha tofauti iliyogandishwa kwenye mandharinyuma. Ukikuza picha, nyuma ya 5 kinachungulia kijimkono cha 4. Bango la mwaka huu lenye kivuli cha mwaka jana!

Baada ya kumsumbua sana alituma faili jipya, na nusura nimpe nyota nne, kwa sababu mwaka sasa uliandikika na kivuli kilifuata maandishi. Nikampelekea mwenzangu aweke jina letu. Kwake fonti ile haikuwepo, programu ikaweka nyingine pana zaidi. Tena kisanduku cha jina kilipimwa kwa neno "Tamasha", sisi tuna "Kongamano la Wahitimu 2025". Jina likavunjika mistari miwili, wa pili ukakalia tarehe. Kwenye bango la mraba la 1080 kwa 1080 tulipunguza herufi likakaa. Kwenye lile la wima la 1080 kwa 1920 kisanduku ni chembamba zaidi, na herufi zikawa ndogo mno kusomeka kwenye simu.

Mtu anayeuza templeti ya kutumika tena alipaswa kuijaribu kwa jina refu na mwaka mwingine kabla ya kupokea hela ya watu. Na angetaja fonti iliyotumika. Hakufanya hata kimoja.

Basi nyota tatu, kwa ajili ya muundo. Hapana, nikikumbuka lile jibu la "funika", mbili. Ukiitaka, mwombe kwanza akutumie picha ya mwaka ukiwa umebofywa: kishale kikionekana, nunua. Zikionekana nukta, achana nayo.