Chaja ya nyumbani au safari ya Bagamoyo: ipi inajaza betri ya gari la mjini?

Karibuni tena. Leo nina chaja ya betri ya gari, zile ndogo za kielektroniki zenye kioo cha namba na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Hii inatoa ampea 6. Nitawaambia inafanya nini vizuri na inakera wapi, lakini kwanza niwaoneshe gari nililoijaribia, maana najua wengi wenu mna gari lenye tatizo hilihili.

Ni Vitz ya jirani yangu. Anakaa Sinza, anafanya kazi Mwenge. Asubuhi dakika kumi hivi kafika. Jioni anarudi kwenye foleni, taa zinawaka, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba. Sasa gari likaanza kusuasua kuwaka asubuhi, na ameshaambiwa anunue alteneta. Nikamwambia subiri, tupime kwanza. Mita kwenye betri, gari likiwa limewaka: volti 14.2. Alteneta nzima kabisa, haina kosa. Asubuhi yake, kabla hajagusa swichi, nikapima tena: volti 12.2.

Hiyo 12.2 ndiyo habari yenyewe. Betri ya kawaida ya maji ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu. Betri yake ni NS60 ya ampea-saa 45, kwa hiyo pengo ni kama ampea-saa 22.

Zimekwenda wapi? Watu wengi wanailaumu starta. Starta inavuta umeme mkali kweli, hata ampea 150 au 200, lakini kwa sekunde mbili. Ukipiga hesabu hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya ampea-saa, inarudi ndani ya dakika chache. Mwizi ni mwingine. Alamu, saa ya gari na kile kifaa cha kufuatilia gari vikivuta pamoja milliampea 50, kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2, hata gari likiwa limelala. Halafu jioni kwenye foleni injini iko sailensa, alteneta inazunguka polepole na inatoa umeme kidogo. Taa mbili kubwa peke yake zinakula kama ampea 9. Ongeza feni ya kiyoyozi na feni ya rejeta. Kinachobaki kwa betri ni makombo. Kila siku inatoa zaidi kidogo ya inachopokea, na kwa kuwa gari bado linawaka, mwenye gari hajui.

Na ubaya hauishii kwenye kupungua. Betri ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti ya risasi inayojengeka kwenye sahani zake inaganda na kuwa ngumu. Ikishakuwa ngumu hairudi kirahisi, na betri ya ampea-saa 45 inakuwa ya 30 huku kibandiko bado kinasema 45.

Basi tukaanza na dawa ya bure: Jumapili akaenda nalo Bagamoyo na kurudi. Barabara ikishafunguka injini inazunguka vizuri na alteneta inatoa umeme wa kutosha. Kesho yake asubuhi mita ikasoma 12.45. Imepanda, lakini haijajaa! Hapo ndipo watu wanaposhangaa: saa mbili na zaidi barabarani, mbona haijai?

Betri ya risasi inajazwa kama dumu lenye shingo nyembamba. Mwanzo unamimina kwa kasi, ukikaribia juu lazima upunguze. Mpaka kufika asilimia 80 inapokea umeme kwa pupa. Ile 20 ya mwisho inaingia kwa ampea 3, kisha 2, kisha 1, kisha nusu, na inataka masaa. Hata uikanyage vipi barabarani, haitaharakisha. Kwa hiyo safari ndefu inakutoa hatarini, ila kumaliza kazi ingebidi uendeshe mchana kutwa, na kwa bei ya mafuta mnaijua wenyewe.

Sasa chaja. Nimeiacha betri ndani ya gari, swichi imezimwa, boneti wazi, mahali penye hewa. Kibanio chekundu kwenye chanya kwanza. Cheusi nakibana kwenye chuma cha injini, mbali kidogo na betri, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni na cheche ndogo inaweza kuilipua. Sigara weka mbali. Mwisho kabisa ndiyo unachomeka ukutani. Kutoa ni kinyume chake: ukutani kwanza.

Tumeiwasha saa 2 usiku. Mwanzo ilisukuma ampea 6 kamili, baadaye ikaanza kushuka yenyewe, volti zikisimama kwenye 14.4. Alfajiri kioo kinasema FUL. Usipime hapohapo, utadanganywa na volti za juujuu. Tuliliacha mpaka jioni, tukapima: 12.7. Gari likawaka kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo kazi yake ya msingi inaifanya, na naipenda kwa hilo. Vinavyonikera ni hivi. Waya ni mfupi, usipokuwa na soketi karibu na maegesho utahangaika. Vibanio vyepesi, vikitikiswa vinateleza. Na kubwa zaidi: umeme ukikatika usiku halafu ukarudi, chaja hii haikumbuki ulichochagua, inaanzia kwenye alama ya pikipiki, ampea 2. Unaamka unadhani betri imejaa, kumbe bado sana. Itazame kabla ya kulala na tena ukiamka.

Kuna kitufe cha kukarabati betri. Mimi sikitegemei. Salfeti laini inaondoka kwa kuchaji kawaida polepole. Iliyokwisha kuwa jiwe sijaona kitufe kinachoitoa. Na kitufe cha AGM usikiguse kama betri yako ni ya maji ya kawaida, maana kinapandisha volti juu zaidi.

Chaja pia haifufui maiti. Ukipima betri ukakuta imeganda kwenye 10.5 au karibu na hapo hata baada ya kuchajiwa, kuna seli moja imekufa. Ikipata moto sana wakati wa kuchaji, au ukisikia harufu ya mayai viza, chomoa ukutani na uiache ipoe. Na ikijaa leo 12.7, halafu kesho bila kuguswa ikashuka mpaka 12.3, hiyo andaa hela ya mpya. Ya jirani haikushuka, ndiyo maana tukaendelea nayo. Sasa anaichaji usiku mmoja kila mwezi.

Wewe unayeegesha barabarani huna soketi: fungua betri, ukianza na waya wa hasi, upeleke kwa fundi mwenye chaja ya mezani. Ila mwambie wazi kwamba unataka chaji ya polepole, ampea 4 au 5 kwa betri ya ukubwa huu, ilale hapo mpaka kesho. Akikuambia saa moja inatosha, atakuwa amekujazia ile sehemu rahisi tu, ambayo ungeipata kwa safari ya Bagamoyo.