Kadi mpya ya daraja la chini au ya mtumba ya daraja la juu? Soma kwanza lebo ya pawa saplai

Mkazi wa Tabora anayetafuta kadi ya grafiki kwa ajili ya gemu au kuhariri video za harusi mara nyingi hujikuta kati ya RTX 3050 mpya ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, na RTX 2070 Super ya mtumba, ya 2019, ambazo bei zake hukaribiana. Kwa kasi hakuna ubishi: katika gemu nyingi, kasi ya ile ya mtumba hukaribia mara mbili ya kasi ya ile mpya. Hata hivyo, kinachoamua ni umeme ambao kompyuta yako inaweza kuutoa.

Tuchukue kompyuta iliyotoka ofisini, mfano Dell OptiPlex, yenye pawa saplai ya wati 260 isiyo na waya wa kadi. RTX 3050 hiyo hutumia wati 70, na kwa kuwa tundu la PCIe inapochomekwa kadi hutoa hadi wati 75, matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote. Kama boksi ni jembamba, tafuta toleo la kimo kifupi, yaani low profile. RTX 2070 Super hutaka wati 215 na kwa kawaida waya wa pini 8 pamoja na wa pini 6, na NVIDIA, mtengenezaji wake, hupendekeza pawa saplai ya wati 650. Fundi akikuambia atachukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, kwa adapta, kataa kabisa, kwani kichwa cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 tu na kikizidiwa huyeyuka. Kwa mashine ya namna hii naipa kadi mpya nafasi ya kwanza bila kusita.

Mwenye pawa saplai inayotosha aanze na RTX 2070 Super, ila asitume fedha Dar es Salaam kwa kadi ambayo hakuna mtu wake aliyeijaribu. Ifungwe kwenye kompyuta, programu ya GPU-Z ithibitishe jina na gigabaiti 8 za kumbukumbu, kisha iendeshwe kwa gemu nzito nusu saa nzima, maana dakika tano hazitoshi kuipasha moto. Vidoti au mistari ya rangi kwenye skrini mara nyingi ni dalili kwamba kumbukumbu inakufa. Achana nayo hata ikipunguzwa bei. Joto likipita nyuzi 85 huku feni zikipiga kelele, mara nyingi ni vumbi au grisi ya joto iliyokauka. Hilo hurekebishika, na ni haki yako kuombea punguzo.

GTX 1080 Ti ya 2017 naiweka mwisho, licha ya gigabaiti zake 11. Hula wati 250, haina DLSS, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza kasi ya gemu, na tangu Oktoba 2025 NVIDIA imeacha kuitengenezea draiva za gemu mpya, ikibakiza masahihisho ya usalama pekee.