Vumbi wametoa, feni wameniachia inakoroma

Nianze kwa kuwatendea haki mafundi hawa wa kompyuta: vumbi limetoka. Ukifungua ubavu wa kompyuta yangu leo unaiona mazabodi yenyewe, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, rangi yake na maandishi yake, na mapezi ya alumini yaliyokaa juu ya prosesa yanahesabika moja moja. Ingekuwa natathmini usafi peke yake, ningewapa nyota tano nikaenda zangu. Ila mimi niliwapelekea kompyuta waisafishe ibaki nzima, na hapo ndipo tuliposhindwana.

Kompyuta ni ya mezani, ya zamani, na ilikuwa imeanza tabia ya kujizima yenyewe nikiipa kazi nzito. Nilishajua sababu. Niliingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka mwanzoni kompyuta ikiwaka, nikakuta prosesa imefika nyuzi joto 78 na hakuna kazi yoyote inayofanyika, huku feni ikikimbia mwendo wake wote. Dalili hiyo karibu kila mara ni vumbi, tena si lile unaloliona ukifungua kifuniko. Ni lile linalojificha chini ya feni, kwenye midomo ya mapezi, linashikana na nyuzi na nywele mpaka linakuwa tabaka zima. Feni inavuma, upepo haupiti. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini nilikuwa nimebanwa, na wao walikuwa wameandika kwamba wanafanya usafi wa ndani "kwa usalama". Nikawaamini maandishi yao.

Fundi mkuu aliichomeka kwanza aone kama inawaka. Sawa, haki yake. Akaizima, akafungua ubavu, akaingiza mkono. Waya wa umeme bado uko nyuma! Taa ndogo ya kijani kwenye mazabodi inamwangalia usoni. Nikamwambia, "Fundi, bado ina umeme." Akanijibu, "Si imezimwa, dada?" Kwa anayesoma hapa na hajui: kompyuta ya mezani ikizimwa kwa kitufe haiachi kupokea umeme. Pawa saplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani, inaendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi muda wote ili kitufe cha kuwashia kiweze kufanya kazi. Volti 5 hazitakuua, lakini bisibisi ikidondoka mahali pabaya inaweza kuua mazabodi. Ndiyo maana unachomoa waya kabisa, kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, uishe. Alichomoa, kwa kununa. Kitufe nilibonyeza mimi, na feni ikashtuka robo mzunguko ikatulia. Huo mshtuko ndio ule umeme aliosema haupo.

Hadi hapo nilikuwa bado mtulivu. Kilichonivuruga ni bloa.

Alichukua bloa ya umeme, ile ya nguvu, akaileta karibu kabisa na feni ya prosesa akaifungulia. Feni ikaanza kuzunguka, ikaongeza, ikaongeza, mpaka ikatoa mlio mwembamba wa kuumiza masikio. Feni za namna ile zimeundwa kwa mizunguko kama 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na pale ilikuwa imeshapita huko kwa mbali. Nikasema, "Shika feni kwanza, fundi, itaharibika." Hakuzima hata mashine. Aliongea juu ya kelele: "Dada, kazi hii naifanya kabla wewe hujajua kuwasha kompyuta. Kama unajua, mbona umeileta?"

Swali hilo bado linanichoma. Nimeileta kwa sababu mmesema mnatoa huduma! Mtu akipeleka nguo kwa fundi cherehani haina maana hajui sindano inaingilia upande gani.

Na nilichomwambia hakikuwa ushamba wangu. Feni ndogo huzunguka juu ya beringi, na nyingi za bei ya chini zina beringi ya bomba tu lenye mafuta kidogo ndani. Ukiizungusha kwa upepo kupita mwendo wake, yale mafuta yanasukumwa nje, mhimili unasaga bomba, na kuanzia siku hiyo feni inakwaruza. Zaidi ya hapo, ndani ya feni kuna sumaku na nyuzi za shaba, na sumaku ikizungushwa mbele ya nyuzi huzalisha umeme. Feni iliyochomekwa kwenye mazabodi na kuzungushwa kwa nguvu inaweza kurudisha umeme huo kule isikotakiwa. Dawa ya yote mawili ni kidole kimoja. Unashika bapa la feni kwa kidole, au unapenyeza kijiti cha mbao kati ya mabapa, halafu ndipo unapuliza. Kama una subira zaidi, unachomoa plagi ya feni na kuitoa kabisa, kwa sababu tabaka la vumbi liko chini yake na ukipuliza kwa juu unalisukuma lizidi kujibana kwenye mapezi.

Sasa niseme ukweli mwingine, maana nilianza kuandika hapa nikiwa nimeshaamua kuwachana wote. Pale ndani kulikuwa na kijana wao, msaidizi, ambaye kazi yake aliifanya vizuri mno. Fundi mkuu alipoitwa nje kupokea simu, yule kijana ndiye aliyechukua usukani. Jambo la kwanza alilofanya ni kugusa chuma tupu cha kasha, mahali pasipo na rangi, kabla hajagusa kitu kingine. Kulikuwa na bangili ya kuzuia umeme tuli imening'inia msumarini. Akaivaa, akabana kibanio chake kwenye chuma hicho hicho. Hapo nilipumua. Umeme tuli ni adui usiyemsikia: cheche unayoihisi kidoleni ni kama volti 3,000 hivi, na baadhi ya vipande vya kompyuta huweza kuumia kwa volti chache sana kuliko hizo, yaani unaua kitu na mwili wako haujahisi lolote. Tena mara nyingine hakifi papo hapo, kinadhoofika, kinakuja kukusumbua baadaye na huwezi kujua chanzo. Bangili hailazimiki kwenda ardhini ndipo ifae. Shabaha ni mwili wako na kasha vilingane, pasiwe na kitu cha kuruka kutoka kimoja kwenda kingine.

Akatoa ramu kwa kushika kingo tu, vidole mbali na zile meno za dhahabu. Feni ya nyuma ya kasha aliishika kwa kidole gumba, akaifuta mabapa kwa brashi laini, kisha akapuliza kwa vipindi vifupi, bomba likiwa mbali kidogo. Nilimuuliza kwa nini hatumii ile mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwa pembeni. Akasema, "Hapana dada, mdomo wake ni wa plastiki. Vumbi likipita pale kwa kasi linazalisha umeme tuli, na wewe ndio unausogeza karibu na mazabodi." Mtoto anajua! Nikawa nimeshaamua moyoni: nyota nne, moja nimeikata kwa sababu ya mdomo wa mkubwa wake.

Nikafika nyumbani, nikachomeka, nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe:

```
CPU Fan Error!
Press F1 to Resume
```

Niliisikia kabla sijamaliza kusoma. Feni ya prosesa ilikuwa inakwaruza, inasita, inaanza tena. Nikazima, nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe, nikagusa chuma, nikaisukuma feni kwa kidole. Feni nzima ukiisukuma inateleza, inazunguka kidogo, inasimama taratibu. Hii ilisimama papo hapo, na nikiitikisa mabapa yanacheza kushoto kulia. Beringi imekwisha.

Niliporudi, fundi mkuu akaniambia feni ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Feni iliyokuja hapo inazunguka bila kukwaruza! Kilichokuwa kinaisumbua ni vumbi, si beringi. Halafu akabadilisha wimbo, akasema basi labda ni mazabodi, "hizi za zamani ndivyo zilivyo", na akawa tayari kuniuzia nyingine. Hapo ndipo nilipoacha kubishana nikaenda kujithibitishia mwenyewe. Nilichomoa ile feni ya nyuma ya kasha, ambayo ni nzima, nikaichomeka kwenye sehemu ya feni ya prosesa, nikawasha na kuingia moja kwa moja kwenye BIOS, nikakaa humo kwa muda mfupi tu kwa sababu prosesa haikuwa na upepo wake. Mwendo ukasomeka sawasawa, na lile onyo halikutokea. Waya wa tatu wa feni ndio unaopeleka hesabu ya mizunguko kwenye mazabodi; kama sehemu ile ingekuwa imeungua, hata feni nzima isingezunguka au ingesomeka sifuri. Kwa hiyo mazabodi haina neno. Feni waliiua wao, kwa bloa, mbele ya macho yangu, baada ya kuambiwa.

Nimenunua feni nyingine ya ukubwa ule ule na kuifunga mwenyewe juu ya mapezi, bila kuyang'oa mapezi yenyewe kutoka kwenye prosesa. Ukiyang'oa lazima ufute ile grisi ya joto ya zamani na kupaka mpya, na hapakuwa na haja. Prosesa sasa iko nyuzi 44 ikiwa imetulia, na haijajizima tena hata nikiichosha.

Kwa hiyo nikiwa na hasira nasema nyota moja, nikiangalia nyuzi 44 nasema tatu, na nikimkumbuka yule kijana nasema nendeni, ila mwombe yeye kwa sura. Kisha naikumbuka pawa saplai. Yule mkubwa aliipuliza nayo kutoka nyuma, feni yake ikalia vile vile, na nilipomwambia apitishe kijiti kwenye matundu aishikilie, akachukua bisibisi akitaka kuifungua kabisa ili anionyeshe kuwa anajua. Nilimzuia. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Si kitu cha kufungua kwa kiburi. Feni ya humo ndani sina namna ya kuibadilisha bila kufungua, na tangu juzi asubuhi, ikiwa bado baridi, imeanza kutoa mkwaruzo mdogo unaopotea ikipata moto. Nyota moja.